GATPA kwa mkunga: dakika za kwanza baada ya mtoto kutoka, hatua kwa hatua na sababu zake

Mwanafunzi wa ukunga wa Bukavu anayejiandaa kwa mtihani anaweza kutaja bila kufikiri hatua tatu za GATPA, yaani usimamizi hai wa kipindi cha tatu cha uzazi, kile cha kutoka kwa kondo la nyuma: sindano ya oksitosini, kuvuta kitovu kwa utaratibu, kukanda mji wa mimba. Lakini muulize ni ipi kati ya hizo inayozuia damu, na wengi watajibu kwamba zote tatu ziko sawa. Haziko sawa. Sindano ndiyo inayobeba kazi karibu yote. Kuvuta kitovu kunafupisha muda wa kungoja kondo la nyuma, na kukifanywa vibaya kunaweza kumuua mama. Kukanda mji wa mimba mfululizo kwa mama ambaye amekwisha kupata oksitosini, na ambaye mji wake ni mgumu, hakupendekezwi tena tangu mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo mapya.

Naanza na jambo hilo kwa sababu madaftari mengi yanayopitishwa kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo bado yana mafundisho ya zamani: bana kitovu mara moja, vuta, kanda kila mama kwa nguvu. Ukijua kila hatua inafanya nini ndani ya mwili, hutachanganya la zamani na jipya, na ukiwa peke yako usiku utajua lipi halisubiri na lipi linaweza kusubiri.

Ili tusizungumze hewani, tumweke mbele yetu mama mmoja wa mfano. Ana miaka 31, huu ni uzazi wake wa 5, yuko materinite ya kituo cha afya huko Kadutu. Kwenye CPN ya mwisho hemoglobini yake ilikuwa 9.5. Presha ni 118 kwa 72, mapigo 88. Uchungu umeenda vizuri, partogramu haijavuka mstari wa tahadhari. Kichwa kinaanza kuonekana. Zamu ina mkunga mmoja na mwanafunzi mmoja wa staji.

Kwanza, kinachotokea ndani

Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni kati ya ml 500 na 700 kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi. Hakuna uzi unaoifunga. Inafungwa na misuli ya mji wa mimba yenyewe, ambayo nyuzi zake zimepishana kama kitambaa kilichofumwa, na mishipa inapita katikati yake. Misuli ikijikaza, mishipa inaminywa na kufungwa. Misuli ikilegea, mishipa inafunguka tena, na mama anaweza kumwaga nusu lita kabla hujamaliza kumpangusa mtoto.

Kujikaza huko huko ndiko kunakobandua kondo. Mtoto akitoka, mji wa mimba unasinyaa na ukuta ambako kondo limeshikwa unakuwa mdogo, lakini kondo lenyewe haliwezi kusinyaa nao, basi linaachia. Nyuma yake damu kidogo inakusanyika na kulisukuma zaidi.

Kwa hiyo kazi moja, misuli kujikaza, inatoa matokeo mawili: kondo linabanduka na mishipa inafungwa. Oksitosini inaongeza nguvu kwenye kazi hiyo. Mkono wako ukivuta kitovu unasaidia tu kutoa kitu ambacho misuli imekwisha kuachia. Mkono ukivuta kabla misuli haijajikaza, unavuta mji wa mimba wenyewe.

Maandalizi kabla ya kichwa kutoka

Oksitosini itolewe kwenye frigo mapema, wakati mama anaanza kusukuma, si baada ya mtoto kulia. Soma ampuli. Nyingi zina yuniti 10 kwa ml 1, lakini zipo za yuniti 5, na hapo unahitaji mbili. Dozi ni yuniti 10 ndani ya msuli. Anayevuta ampuli moja ya yuniti 5 bila kusoma amempa mama nusu ya kinga, na hakuna atakayejua.

Joto ni adui wa dawa hii. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikipoteza nguvu haibadiliki rangi wala harufu, huwezi kuitambua kwa macho. Umeme ukikatika siku nzima na frigo ya dawa haina jua wala betri, mahali salama ni frigo ya chanjo, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekubali wazi kwamba oksitosini iwekwe humo. Ongea na mhusika wa chanjo kabla ya siku ya shida, mkubaliane iwekwe kwenye boksi lake lenye jina ili isichanganywe na chanjo. Ampuli iliyozunguka kwenye mfuko wa koti tangu asubuhi usiitegemee.

Dawa ikishavutwa, andika jina lake kwenye seringi kwa kipande cha sparadra, kisha iweke upande wa mama, mbali na vitamini K ya mtoto na mbali na lidokaini. Seringi tatu zisizo na jina juu ya sahani moja ni hatari. Mtoto mchanga kupigwa oksitosini badala ya vitamini K ni ajali inayotokea kweli.

Andaa pia pensi mbili, mkasi safi, basini ya kupokelea kondo, chombo kingine cha kukinga damu chini ya makalio, na kateta. Kibofu tutakirudia.

Mwambie mama kabla, kwa maneno yake. Kwa mfano: «Mama, mtoto akitoka nitakupiga shindano ku paja, tumbo lijikaze damu isipotee mingi. Utasikia tumbo linauma kidogo tena, usiogope.» Mama aliyeambiwa hatashtuka na kuinua makalio wakati mkono wako uko kwenye kitovu.

Hatua ya kwanza: mtoto juu ya tumbo, mkono wako juu ya mji wa mimba

Saa 02:10 mtoto anatoka, analia. Anawekwa juu ya tumbo la mama, anapanguswa na kufunikwa. Mwanafunzi anaangalia saa na kuitaja kwa sauti.

Kabla ya sindano, mkunga anaweka mkono juu ya tumbo na kupapasa. Anatafuta jambo moja tu: je, kuna mtoto wa pili? Katika mazingira yetu akina mama wengi wanafika bila ekografia, na pacha wa pili asiyejulikana si hadithi. Ukipiga oksitosini yuniti 10 wakati pacha bado yuko ndani, mji wa mimba utajikaza juu yake bila kulegea. Damu haimfikii, anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Baada ya mtoto mmoja kutoka, kilele cha mji wa mimba kinakuwa karibu na usawa wa kitovu cha mama. Kikiwa juu sana, na ukigusa viungo au kichwa, simamisha sindano.

Kupapasa huku kunachukua sekunde chache. Kusiwe sababu ya kuchelewa.

Hatua ya pili: sindano ndani ya dakika moja

Mji hauna mtoto mwingine. Mkunga anapiga oksitosini yuniti 10 kwenye paja, upande wa nje. Ni 02:10 bado, au 02:11 inaanza.

Kwa nini dakika moja? Oksitosini ya msuli huanza kufanya kazi baada ya dakika 2 hadi 3. Ukiipiga mara moja, nguvu yake inafika wakati ule ule kondo linapoanza kubanduka. Ukiichelewesha hadi dakika ya tano, kondo linaweza kubanduka huku misuli ikiwa bado mivivu, na kwa mama wa uzazi wa tano, ambaye misuli yake imenyooshwa mara nyingi, hapo ndipo damu inapomwagika. Nguvu ya sindano ya msuli hubaki kwa muda mrefu kuliko ya mshipani. Ya mshipani huanza ndani ya dakika moja lakini huisha haraka, na ikisukumwa kwa kasi inaweza kushusha presha ghafla. Kwenye kituo kidogo msuli ndio njia iliyo rahisi na salama, isipokuwa mama tayari ana laini ya mshipa inayopita vizuri.

Kama oksitosini haipo au frigo imekufa, usibaki mikono mitupu. Karbetosini isiyoharibika kwa joto, mikrogramu 100 kwenye msuli, inafaa kama ipo. Misoprostoli mikrogramu 600, yaani vidonge 3 vya 200, inamezwa, na haihitaji baridi wala sindano. Itampa mama kutetemeka na homa fupi, basi umwambie mapema asidhani ni malaria. Ergometrini na methili-ergometrini zinakaza vikali, lakini zinapandisha presha. Mama ambaye presha yake iko juu, au hukuipima, usimpe.

Hatua ya tatu: kitovu kinangoja

Hapa mafundisho ya zamani na mapya yanagongana zaidi. Zamani kitovu kilibanwa mara moja kama sehemu ya GATPA. Leo tunangoja, angalau dakika 1, na mara nyingi hadi 3, isipokuwa mtoto hapumui na anahitaji kusaidiwa kupumua kwa puto.

Sababu ni damu ya mtoto. Katika dakika hizo sehemu ya damu iliyobaki kwenye kondo inaingia mwilini mwake, na pamoja nayo chuma kitakachomsaidia miezi ya kwanza. Kwa watoto wa huku, ambao malaria na upungufu wa damu huwasubiri mlangoni, si kitu kidogo. Mama mwenye virusi vya ukimwi, kungoja kunamhusu vilevile.

Wanafunzi wanaogopa kwamba sindano ikipigwa kabla ya kitovu kubanwa itamdhuru mtoto. Haimdhuru. Kwa hiyo nyakati hizi mbili zinakwenda pamoja bila kugombana: sindano ndani ya dakika 1, kitovu baada ya dakika 1 hadi 3. Mtahini akikuuliza ipi inatangulia, jibu ni sindano.

Saa 02:12 na nusu kitovu hakipigi tena. Mkunga anakibana kwa pensi mbili na kukata katikati yake. Kisha pensi ya upande wa mama anaisogeza karibu na tupu ya mama, ili apate pa kushika bila mkono kuteleza. Anainua kichwa, anaangalia damu inayotoka na uso wa mama.

Hatua ya nne: kuvuta kwa mkono mmoja, kuzuia kwa mkono mwingine

Sehemu hii naisimulia polepole, kwa kuwa madhara makubwa ya GATPA yanatoka hapa. Kwanza masharti. Usivute kama hujatoa dawa ya kukaza. Usivute kama mji haujajikaza. Usivute kama mkono wa juu hauko mahali pake. Na kama hujafundishwa na kusimamiwa, usivute kabisa. Uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba oksitosini ikitolewa, kuacha kuvuta kunabadilisha kidogo sana hatari ya kutokwa damu nyingi. Maana yake, mkunga asiye na uhakika na mikono yake akiliacha kondo litoke kwa mama kusukuma, hajamnyima mama kinga.

Saa 02:14 tumbo linajikaza. Mkunga anajua kwa vidole: mji unakuwa wa mviringo na mgumu. Mkono wa kushoto anauweka juu kidogo ya mfupa wa kinena, kiganja kikielekea kichwani mwa mama, na kuusukuma mji wa mimba juu na nyuma, kuelekea kitovu cha mama. Mkono huo haukandi wala haubonyezi kilele. Kazi yake ni kuuzuia mji usifuate kitovu kushuka. Mkono wa kulia unashika pensi na kuvuta chini, kwa nguvu ndogo isiyokatika, bila kutikisa wala kushtua.

Anahesabu. Sekunde 30, kisha 40. Kondo halishuki. Anaacha kuvuta.

Kuacha huku ndiko kunakotofautisha mkunga mzuri na mwenye haraka. Mkono wa kulia unalegea kwanza, kisha wa kushoto. Ukilegeza wa juu kabla ya wa chini, kwa sekunde hiyo unavuta bila kizuizi. Halafu anajiuliza kwa nini halikushuka. Anatazama chini ya kitovu cha mama na kuona uvimbe laini juu ya kinena: kibofu kimejaa. Mama alisema alikojoa jioni, lakini maji na chai vimeingia tangu saa hiyo. Kibofu kilichojaa kinausogeza mji wa mimba pembeni na kuuzuia kujikaza vizuri. Mama anajaribu kukojoa kwenye chombo, inashindikana, kateta inaingizwa, mkojo ml 350.

Saa 02:17 uchungu mwingine unakuja. Mikono mahali pale pale. Safari hii kitovu kinarefuka, damu kidogo inatoka kwa mkupuo, na kondo linaonekana. Anabadilisha mwelekeo, sasa anavuta kuelekea mbele na juu, kwa kuwa njia ya uzazi inapinda hivyo. Kondo analipokea kwa mikono miwili na kulizungusha polepole mpaka utando wote ufuate kama kamba iliyosokotwa. Utando ukianza kuchanika, anaushika kwa pensi na kuendelea kuzungusha. Ni 02:18.

Je, mkono wa juu ungekosekana? Mji wa mimba, hasa uliolegea, unaweza kugeuka ndani nje na kushuka kwenye uke. Utautambua kwa dalili tatu: mama anapata maumivu makali na kuzimia ghafla, kilele hakipapasiki tena tumboni, na kitu chekundu cha mviringo kinajitokeza, mara nyingine kondo likiwa bado limeshika juu yake. Usilibandue kondo hilo, utafungua mishipa yote. Usiongeze dawa ya kukaza, itaufunga mlango wa kurudi. Rudisha mji kwa ngumi mara moja kama umefundishwa, anzisha maji ya mshipa, ita gari.

Na kitovu kikikatika? Kwa mtoto njiti ni chembamba na hutokea. Si msiba. Acha, ngoja tumbo lijikaze, mama achuchumae au akae na kusukuma. Kondo lisipotoka baada ya dakika 30 hata kama hakuna damu, rudia oksitosini yuniti 10, hakikisha kibofu kiko wazi, na uandae rufaa kwa ajili ya kulitoa kwa mkono na kinga ya antibiotiki. Ergometrini usiitumie hapo. Damu ikianza kutoka nyingi kabla ya dakika 30, usisubiri zifike.

Hatua ya tano: kuushika mji, na kulisoma kondo

Kondo likitoka, weka mkono juu ya kilele. Ukiwa mgumu kama mpira wa ngozi uliojazwa vizuri, uache. Ukiwa laini, kanda mpaka uwe mgumu, na mabonge ya damu yatoke. Hii ndiyo tofauti ambayo mitihani hupenda kuuliza: kila mama anapapaswa, lakini anayekandwa ni yule ambaye mji wake ni laini. Ukikanda kila mama bila sababu unampa maumivu, na unajiridhisha kwamba umefanya kazi wakati ulipaswa kuhesabu damu.

Kisha kondo liwekwe kwenye meza yenye mwanga, hata taa ya simu inatosha. Upande wa mama uwe umekamilika, vipande vyake vikikaa pamoja bila pengo. Upande wa mtoto fuata mishipa kutoka kitovuni hadi ukingoni. Mshipa unaoishia kwenye utando, kwenye shimo lenye ukingo uliochanika, unamaanisha kuna kipande kidogo cha ziada kimebaki ndani, na mji wa mimba wenye kitu ndani hauwezi kujikaza sawasawa. Inua utando uone kama mfuko unafungika. Kwenye kitovu kwenyewe hesabu mishipa mitatu.

Kwa mama wetu kondo limekamilika. Kagua pia msamba na uke kwa mwanga: damu nyekundu inayotiririka huku mji ukiwa mgumu inatoka kwenye jeraha, na oksitosini yoyote haitaizuia.

Saa mbili za kuangalia, na jambo lililotokea 02:40

Papasa mji kila dakika 15 kwa saa 2 za kwanza, pima mapigo na presha, angalia damu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, hasa zamu ikiwa na mtu mmoja na mama mwingine anaita.

Damu ipimwe, isikisiwe. Jicho hukisia chini, na kadiri damu inavyozidi ndivyo linavyozidi kudanganya. Kama kuna karatasi ya plastiki yenye alama za ml inayowekwa chini ya mama, itumie. Uchunguzi uliofanyika Kenya, Nijeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima kwa karatasi hiyo pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Kama haipo, tumia chombo cha kukingia na mizani. Kikwembe kinanyonya damu nyingi na kuonekana kimelowa tu: kipime kikavu kabla, kipime tena baada, na kila gramu iliyoongezeka hesabu kama ml 1.

Saa 02:25 mama yuko sawa, mji mgumu. Saa 02:40 mwanafunzi anapapasa na kusema ni laini, umepanda juu ya kitovu. Chomboni na kwenye kikwembe kuna ml 350. Mapigo 112, presha 105 kwa 65.

Wengi wangengoja ml 500. Hapa usingoje. Mapendekezo mapya ya mwaka 2025 yanasema ml 300 pamoja na dalili mbaya moja, kama mapigo kupita 100, inatosha kuanza matibabu. Gawa mapigo kwa presha ya juu: 112 kwa 105 inapita 1, nayo ni dalili. Presha yake bado inaonekana nzuri kwa sababu mwili wa mzazi huficha upungufu kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla. Na huyu alianza na hemoglobini ya 9.5, hana akiba.

Kilichofanyika: mkunga anaita msaada kwa sauti na kuanza kukanda. Bonge kubwa la damu linatoka, mji unaanza kukaza. Mwanafunzi anafungua laini ya mshipa. Oksitosini yuniti 10 ndani ya ml 200 za maji ya chumvi inapitishwa kwa dakika 10, kisha yuniti 20 ndani ya lita 1 kwa saa 4. Asidi ya traneksamiki gramu 1 inapita mshipani kwa dakika 10, kwani bado ni ndani ya saa 3 tangu kuzaa. Kibofu kinaangaliwa tena, kondo linatazamwa tena, uke unakaguliwa. Yote haya yanaanza pamoja, si moja baada ya jingine. Saa 02:55 mji ni mgumu, damu imepungua kuwa matone, mapigo 98.

Je, GATPA ilishindwa? Hapana. Oksitosini ya kinga hupunguza hatari ya kupoteza ml 500 au zaidi kwa karibu nusu, nusu nyingine inabaki. Ndiyo maana saa 2 za kupapasa ni sehemu ya kazi.

Rufaa iwaziwe mapema. Kutoka kwenye vilima vya Kadutu usiku, mvua ikinyesha, pikipiki haibebi mama aliyelala, na kumtafutia gari ni kazi. Kama mapigo yangebaki juu na mji ungelegea tena baada ya dakika 15 za matibabu, ule ndio ungekuwa wakati wa kuondoka kwenda hospitali kuu, mkono ukiendelea kuminya mji wa mimba njiani na dripu ikiendelea.

Kwenye faili yaandikwe haya: saa ya mtoto, saa ya sindano na jina la dawa na dozi, saa ya kubana kitovu, saa ya kondo na kama limekamilika, damu kwa ml na namna ilivyopimwa, kisha kila papaso na mapigo yake. Usiandike «GATPA imefanyika» peke yake. Atakayempokea mama huyu asubuhi, au hospitali alikopelekwa, anahitaji kujua kama oksitosini ilipigwa 02:11 au 02:25, kwa sababu atakachofanya baadaye kinategemea saa hiyo.